Marudio yanayokokotolewa kwa wastani: utahitaji alama ngapi?

Somo hili linahusu kanuni moja tu ya mtihani wa marudio: alama ya mwisho ni wastani wa mtihani wa kwanza na wa pili. Ni tofauti na kanuni ya kuchukua alama kubwa zaidi, na ni tofauti na ile ambayo marudio hufuta ya kwanza. Hapa alama ya kwanza haifutiki, inabaki kuwa nusu ya matokeo yako.

Hatua ya 1: pima pengo, kisha lizidishe kwa mbili. Tuseme alama ya kufaulu ni 50 nawe ulipata 44. Pengo ni 6. Wengi hujiandaa kupata 50 kwenye marudio, na hapo ndipo wanapoanguka: wastani wa 44 na 50 ni 47. Kila alama unayoongeza kwenye marudio inapandisha wastani kwa nusu alama tu, kwa hiyo kuziba pengo la 6 kunadai upande kwa 12, yaani ufike 56. Kwa kanuni:

```
M = 2 × F − K
```

K ni alama ya kwanza, F ni alama ya kufaulu, M ni alama unayohitaji kwenye marudio. Hapa, 2 × 50 − 44 = 56.

Hatua ya 2: angalia kama M inafikika. Ikizidi 100, huwezi kufaulu kwa njia hii hata usipokosa swali lolote. Alama ya kufaulu ikiwa 60 na ulipata 18, M ni 102. Lijue hilo kabla ya kujisajili, maana pengine kurudia somo zima ndiyo njia pekee iliyobaki.

Hatua ya 3: uliza ni nini hasa kinachowekwa kwenye wastani. Hatua hii ndiyo inayobadilisha hesabu kuliko zote, na watu huiruka. Chukua somo ambalo kazi za muhula zina alama 40 na mtihani una 60. Mwanafunzi ana 32 kati ya 40 kwenye kazi za muhula, lakini mtihani alipata asilimia 15, sawa na alama 9. Jumla ni 41, na kufaulu ni 50. Kwa kanuni yetu, jumla ya mara ya pili lazima iwe 59.

Kama kazi za muhula zinahamishiwa kwenye marudio, tayari ana 32 mkononi. Zinabaki 27 kati ya 60, yaani asilimia 45 ya mtihani. Kama marudio yanasimama peke yake kwa asilimia 100, anahitaji 59 kamili. Mwanafunzi yuleyule, tofauti ya alama 14! Mwenye kazi nzuri za muhula hunufaika zikihamishwa. Aliyefanya vibaya darasani anaweza kupata nafuu zikiachwa. Pata jibu kwa maandishi kutoka ofisi ya mitihani, wala usitegemee kumbukumbu ya waliotangulia.

Maswali ya wanachama

*Chuo chetu hukadiria 49.5 kuwa 50. Inanisaidia kiasi gani?*
Alama moja. Tumia 49.5 badala ya 50 kwenye F: mwenye 40 atahitaji 59 badala ya 60. Lakini hakikisha ukadiriaji unafanyika kwenye wastani wa mwisho. Wengine hukadiria kila mtihani peke yake kisha huacha wastani kama ulivyo.

*Mtihani wa kwanza ulikuwa wa alama 60, nilipata 24. Marudio ni ya alama 80. Nafanyaje?*
Geuza kuwa asilimia kwanza. 24 kati ya 60 ni asilimia 40. Kufaulu ikiwa 50, unahitaji asilimia 60 ya marudio, yaani 48 kati ya 80. Usijumlishe alama ghafi za karatasi mbili zenye ukubwa tofauti.

*Nilikuwa mgonjwa, sikufanya mtihani wa kwanza. Nahesabiwa sifuri?*
Inategemea ulivyoandikwa. Ukiandikwa sifuri, M ni 100 pale kufaulu ni 50. Udhuru ukikubaliwa, kwa kawaida mtihani wa pili huhesabiwa kama wa kwanza na hakuna wastani. Fuatilia udhuru kabla matokeo hayajapitishwa.

*Nilipata 30, kisha 50. Nikiruhusiwa mara ya tatu, nahitaji ngapi?*
Wastani wa hizo mbili ni 40. Ikiwa zote tatu zinagawanywa kwa 3, jumla lazima iwe 150, hivyo unahitaji 70. Ikiwa wastani wa 40 ndio unaochanganywa na mtihani mpya, unahitaji 60. Waulize wanatumia ipi.

*Nimefaulu kwa 52 na wanaruhusu kurudia ili kupandisha daraja. Nijaribu?*
Ukipata chini ya 52, wastani utashuka, na ukipata chini ya 48 utakuwa umefeli somo ulilokwisha kulifaulu. Kufikia 60 unahitaji 68. Kama mazoezi yako ya karatasi zilizopita hayafiki hapo, baki na 52 yako.