Kumhani jirani Mwislamu kwa Kiarabu: la kusema na utakalojibiwa

Ukimwambia jirani "pole sana kwa msiba" kwa Kiswahili, umeshamhani, wala hakuna atakayekudai zaidi. Lakini wapo wanaotaka kumwambia kwa maneno yale yale atakayoyasikia kwa ndugu zake, kisha wanakwama mlangoni kwa sababu mbili: hawajui kama waseme "ajraka" au "ajraki", na wakijibiwa hawajui kama wanatakiwa kuendelea. Somo hili linashughulikia hayo mawili. Nitakupa dua moja kuu, nikuonyeshe inavyobadilika mwisho, kisha majibu yake.

Hatua ya kwanza: habari inapokufikia

Maneno ya kwanza ni *Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun*, yaani "Hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na hakika kwake tutarejea". Ni sehemu ya aya ya 156 ya Sura ya al-Baqara, na husemwa na yeyote aliyefikwa na msiba au aliyeusikia. Angalia kwamba anayesema anajitaja yeye na wenzake: "sisi". Hamwambii mfiwa jambo, ndiyo maana hayana jibu maalumu. Jirani akikupa habari, yaseme papo hapo, kwa utulivu. Mara nyingi naye atayasema pamoja nawe.

Ipo dua nyingine ambayo watu huiunganisha na hiyo: *Allahumma'jurni fi musibati, wa akhlif li khairan minha*. Imo katika hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, aliyoipokea Imamu Muslim katika mkusanyiko wake wa hadithi, na ni nzuri mno, ila ni ya mfiwa mwenyewe. Maana yake ni "Ewe Mola, nilipe katika msiba wangu, unipe badala iliyo bora". Ukimtumia jirani yako maneno hayo kama pole, utakuwa umejiombea wewe na yeye umemwacha nje. Mwachie aiseme mwenyewe.

Hatua ya pili: dua ya kuhani

Sasa unamkabili mfiwa. Maneno yanayopatikana katika vitabu vya fiqhi na kusikika mpaka leo ni haya:

*A'dhamallahu ajraka, wa ahsana azaaka, wa ghafara limayyitika.*

Yana vipande vitatu. Cha kwanza: Mwenyezi Mungu ayakuze malipo yako. Cha pili: akupe faraja njema. Cha tatu: amsamehe maiti wako. Viwili vya mwanzo vinamwombea aliye hai mbele yako, cha mwisho kinamwombea aliyekwenda. Shika mgawanyo huu, utakufaa kwenye maswali huko chini.

Katika kutamka, "dh" ya *a'dhama* ni ile nzito iliyotupa neno "adhuhuri". Usiigeuze "z". Kwenye *mayyit* kaa kidogo juu ya "y". Na usikimbie. Maneno haya yakisemwa mbio hugeuka mvumo, na mfiwa husikia sauti tu.

Hatua ya tatu: mwisho wa maneno

Hapa ndipo wengi hukwama, na kanuni yake si ngumu. Ukimhani mwanamume, mwisho ni *-ka*: ajraka, azaaka, limayyitika. Ukimhani mwanamke, ni *-ki*: ajraki, azaaki, limayyitiki. Ukihani watu wengi, ni *-kum*: ajrakum, azaakum, limayyitikum. Katika mazungumzo ya kawaida Waarabu hukata irabu ya mwisho, kwa hiyo utasikia "ajrak" kwa mwanamume na "ajrik" kwa mwanamke. Yote ni sawa.

Ukisahau, tumia *-kum*. Hutakosea. Kila siku unasema "asalamu alaikum" hata kwa mtu mmoja, na hakuna anayekushangaa. Hiyo "-kum" ndiyo hii hii. Kwa mtu mmoja inachukuliwa kuwa heshima, au kwamba umemsalimu yeye na watu wake.

Kuna mwisho wa pili, nao unamfuata marehemu, haumfuati mfiwa. Baada ya dua unaweza kuongeza "Mwenyezi Mungu amrehemu": *Rahimahullah* kwa marehemu mwanamume, *Rahimahallah* kwa marehemu mwanamke, *Rahimahumullah* wakiwa wengi. Watu huchanganya hapo: wanaongea na mwanamume aliyefiwa na mkewe, basi wanasema "rahimahullah" kwa kuwa macho yao yako kwa mwanamume.

Tuseme jirani yako amefiwa na mama yake. Unamkuta nje, yeye ni mwanamume: *A'dhamallahu ajraka, wa ahsana azaaka, wa ghafara limayyitika. Rahimahallah.* Unaingia, unamkuta dada yake, naye ni mfiwa wa mama huyo huyo: *A'dhamallahu ajraki, wa ahsana azaaki, wa ghafara limayyitiki. Rahimahallah.* Unafika walipokaa ndugu wote: *A'dhamallahu ajrakum, wa ahsana azaakum, wa ghafara limayyitikum. Rahimahallah.* Mwisho wa mfiwa umekuja kwa sura tatu. "Rahimahallah" haikubadilika hata mara moja, kwa sababu marehemu ni mama yule yule. Neno *mayyit* nalo limebaki lilivyo, maana hutumika kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Hatua ya nne: jibu lake

Jibu fupi kuliko yote ni *Amin*, na linatosha, kwa kuwa ulichosema ni dua. Wengi huongeza *Jazakallahu khairan* (au *Jazakillahu khairan* ukiwa mwanamke, *Jazakumullahu khairan* mkiwa wengi): Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Utasikia pia *Shakarallahu sa'yakum*, Mwenyezi Mungu aipokee na kuilipa hatua mliyoichukua ya kuja. Watu wa nchi za Ghuba hupenda *Ajrana wa ajrakum*, yaani malipo yetu na yenu, kana kwamba msiba ni wenu nyote. Na Imamu Ahmad bin Hanbal amepokewa kwamba alijibu hivi alipohaniwa: *Istajaballahu duaaka, wa rahimana wa iyyaka*, Mwenyezi Mungu aijibu dua yako, aturehemu sisi na wewe.

Baada ya hapo huna deni la sentensi nyingine. Akisema "Jazakallahu khairan", mjibu *Wa iyyak* (nawe pia, *wa iyyaki* kwa mwanamke, *wa iyyakum* kwa wengi). Kwa majibu mengine sema "Amin" taratibu, ukae. Mfiwa anapokea watu wengi na amechoka. Ukimvuta aendelee kujibizana nawe kwa lugha unayojifunza, unamwongezea kazi.

Maswali ya wanachama

*Mimi si Mwislamu. Nikisema maneno haya nitaonekana ninaigiza?*

Hapana. Ni dua, na jirani hupokea dua kwa mikono miwili. Ukiona sentensi nzima ni ndefu kwako, chukua kipande kimoja: *Ahsanallahu azaakum*, Mwenyezi Mungu awape faraja njema. Kinasimama peke yake bila upungufu. Ukitaka kusema "Inna lillahi" nayo hukatazwi, ila jua kwamba unasoma aya, basi itamke kwa adabu na usiikate katikati.

*Jirani amefiwa na mtoto mchanga. Dua ni ile ile?*

Vipande viwili vya mwanzo, ndiyo. Cha tatu kiache, kwa kuwa mtoto mdogo hana dhambi ya kuombewa msamaha. Hata katika swala ya jeneza, mtoto huombewa awe akiba kwa wazazi wake. Badala yake tumia maneno ambayo Mtume mwenyewe alimpelekea binti yake, mtoto wa binti huyo alipokuwa anakata roho. Yamo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Usama bin Zaid: *Inna lillahi ma akhadha, wa lahu ma a'ta, wa kullu shai'in indahu biajalin musamma, faltasbir waltahtasib.* Maana yake: alichokichukua ni cha Mwenyezi Mungu, na alichokitoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda uliowekwa, basi na asubiri na atarajie malipo.

Angalia mwisho wake. "Faltasbir" ni "na asubiri", kwa sababu ujumbe ulipitia kwa mjumbe. Wewe unayesema na mama wa mtoto uso kwa uso, sema *fasbiri wahtasibi*, subiri na utarajie malipo. Kwa baba ni *fasbir wahtasib*, kwa wote wawili pamoja na jamaa zao *fasbiru wahtasibu*.

*Jirani yangu alisilimu, na aliyefariki ni baba yake ambaye hakuwa Mwislamu. Niseme nini?*

Wanazuoni wameitaja hali hii kabisa. Mfiwa Mwislamu ambaye maiti wake si Mwislamu huambiwa *A'dhamallahu ajraka, wa ahsana azaaka*, basi. Dua inabaki kwa aliye hai. Usiongeze kipande cha tatu wala "Rahimahullah" kwa kudhani unamfurahisha. Unaweza kumtia katika mashaka siku ambayo hana nguvu ya kueleza.

*Nilisikia mtu akisema "Al-bakaa lillah", akajibiwa upesi. Walisemaje?*

Aliambiwa kwamba kubaki ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na jibu lililozoeleka ni *Wa ni'ma billah*. Ni fupi na rahisi kukumbuka. Usiichanganye na *Al-bakiya fi hayatik*, ambayo hujibiwa *Hayatak al-bakiya*. Hiyo ya pili huchukuliwa kama "miaka iliyobaki iongezwe katika umri wako", na wapo wanazuoni walioikosoa, kwani marehemu hakuacha siku hata moja ambayo haikutimia. Mimi nakushauri uiache. Ukiambiwa wewe, jibu tu "Jazakallahu khairan".

*Nilikuwa safarini, nimerudi baada ya wiki. Bado naweza kuhani?*

Wanazuoni wengi huhesabu siku za taazia kuwa tatu, na wengine wamechukia kuhani baada yake, kwa kuwa kunamfufulia mfiwa huzuni iliyoanza kutulia. Lakini aliyekuwa mbali, au ambaye habari haikumfikia, amevuliwa humo. Nenda, sema sentensi moja, na usimwombe akusimulie upya mauti yalivyotokea. Ikiwa aliyefiwa ni mke wa marehemu, jua kwamba eda yake ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika aya ya 234 ya al-Baqara, kwa hiyo utamkuta bado yumo katika msiba.

*Nikiandika kwa simu, nifupishe?*

Usifupishe kwa herufi za mwanzo. Andika *A'dhamallahu ajrakum, wa ahsana azaakum, wa ghafara limayyitikum*, ukitumia "-kum" kwa kuwa ujumbe husomwa na nyumba nzima, kisha utaje jina la marehemu. Asipojibu, usimkumbushe.