Gego la juu au sainasi? Jipime kabla hujaling'oa

Baridi ya Juni na Julai ikishika huku Mbeya na mafua yakipamba moto, watu huanza kuja kwangu kutaka kung'olewa magego mazima. Mfano ni mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Uyole: "Daktari, ling'oe tu." Nikamuuliza lipi. Akaweka kiganja chote shavuni.

1. Onyesha panapouma. Kidole kimoja juu ya jino moja hunielekeza kwenye jino. Kiganja hunifanya niwaze sainasi, ule uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu. Sakafu yake imekaa juu ya mizizi ya magego ya juu, hivyo ukivimba, meno kadhaa huuma kwa pamoja.

2. Inama kama unafunga kamba za viatu. Shavu likizidi kuwa zito na pua imeziba, shuku sainasi.

3. Gonga meno. Hapa ndipo watu huharibu. Tumia mpini wa kijiko cha chai cha chuma. Kidole ni laini mno, hakikupi jibu. Anza upande usiouma ili ujue jino zima linavyohisi, kisha uhamie upande wa pili, jino moja moja, kwa nguvu ileile, ukigonga kidogo kutoka chini kwenda juu. Rudia kwa kuruka mpangilio, maana ukijua zamu ya jino bovu imefika utashtuka kabla halijaguswa. Usipime ukiwa umetoka kumeza dawa ya maumivu. Jino moja likiuma waziwazi kuliko jirani zake, tatizo liko hapo, ingawa jino lililozibwa juzi na kuachwa juu kidogo nalo huuma hivyohivyo. Yule mama, matatu yaliyofuatana yaliuma sawasawa, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu.

Kutouma ukigonga hakuthibitishi kwamba jino ni zima. Uozo ukiwa bado kwenye kiini, mzizi unaweza kukaa kimya.

4. Maji baridi. Maumivu yakibaki hata baada ya kumeza, muone daktari wa meno. Jino lililokufa halihisi baridi kabisa.

Mama alirudi nyumbani na gego lake, parasetamo, na maelekezo ya kusafisha pua: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Antibayotiki sikumpa, sainasi ya mafua nyingi huisha zenyewe. Zikipita siku 10 bila nafuu, au ukipata nafuu kisha hali ikageuka, nenda hospitali. Jicho likivimba au ukianza kuona vitu viwili viwili, nenda siku hiyohiyo.

Na kama usaha unatoka tundu moja tu la pua na unanuka, dai picha ya eksirei ya meno ya upande huo. Huenda jino lenyewe ndilo limeichafua sainasi, na hapo kusafisha pua peke yake hakutamaliza.