Ukimtoa Mama, Usiguse Chakula

Niliitwa tena Mbozi kuangalia watoto wa nguruwe wanaohara, na nilipochungulia kihori nikajua kilichotokea kabla sijakiona kinyesi. Kihori kilijaa pumba za mahindi hadi juu. Mfugaji alikuwa na watoto tisa wa wiki 6. Jumamosi aliwaachisha kunyonya, siku hiyohiyo akawahamishia chumba kingine, akaacha chakula chao cha dagaa na soya, akawamiminia pumba na mashudu anayokula mama yao. Jumapili hawakugusa kitu. Jumatatu njaa ikawazidi, wakala mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Jumatano wakaanza kuhara maji ya njano, na Alhamisi wawili wakafa, tena wakubwa kuliko wenzao. Akaniuliza, "Bwana shamba, mbona wanakufa wanene?" Mnene ndiye aliyekula zaidi.

Tumbo la mtoto anayenyonya limezoea maziwa. Asidi yake ni kidogo, na vimeng'enya vya kusaga wanga bado havijatosha. Chakula kigumu kikiingia kingi kwa mkupuo, hupita bila kusagwa, na bakteria waliomo utumbo hukigeuza karamu yao. Ndiyo maana kuhara huanza siku ya 3 hadi ya 10 baada ya kuachisha, wakati mfugaji ameshaanza kujipongeza.

Chakula cha watoto kianze wakiwa na wiki 2, kiganja kimoja kwa siku, mahali ambapo mama hafiki. Siku ya kuachisha, mtoe mama. Watoto wabaki chumba kilekile, na chakula kiwe kilekile. Soya iwe imekaangwa au kuchemshwa. Mbichi inaharisha yenyewe, na hili nimelisema mpaka nimechoka.

Sasa kipimo, na tafadhali tumia mizani, si macho. Siku ya kwanza kila mtoto apate gramu 100. Kwa watoto tisa hiyo ni gramu 900, igawe mara tano, yaani gramu 180 kila mlo kwa wote. Ndiyo, ni kidogo, na watapiga kelele. Waache wapige. Kila siku ongeza gramu 50 kwa mtoto, mradi kinyesi kimeshikana. Siku ya 7 utakuwa umefika gramu 400. Kikilegea, usiongeze siku hiyo. Baada ya dakika 20 toa mabaki, maana uji uliochacha kihorini ni sumu nyingine. Maji safi yawepo muda wote.

Chakula kipya kinaanza siku ya 8, si kabla. Siku tatu changanya sehemu moja ya kipya na tatu za cha zamani, siku tatu nusu kwa nusu, siku tatu nyingine sehemu tatu za kipya kwa moja. Siku ya 17 kipya kitupu.

Baridi nayo inaharisha. Mwezi Juni na Julai huku Nyanda za Juu, mtoto aliyepoteza joto la mama anahitaji nyuzi 26 hadi 28 pale anapolala. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye kifuniko, mita 1 kwa mita 1.2 kwa watoto tisa, utie nyasi kavu kina cha sentimita 15. Chuchumaa hadi usawa wa mtoto uusikie upepo. Yule mfugaji alikuwa na uwazi wa vidole vinne chini ya mlango na hakuwahi kuuona. Wakilala wamepandana, wanaona baridi.

Chumba kioshwe kwa sabuni, kipakwe chokaa na kikauke kabisa kabla mama hajaingia kuzaa. Watoto wakiwa ndani, kinyesi kikwanguliwe kikavu asubuhi na jioni. Kumwaga maji sakafuni asubuhi ya baridi si usafi, ni kuwalaza kwenye maji.

Wale saba waliobaki tuliwapunguzia chakula nusu kwa siku moja, tukarudisha kile cha zamani. Tukawapa maji ya kuzuia ukavu: lita 1 iliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Nyasi zilizolowa zikatolewa zote. Mmoja alikuwa na kope zilizovimba na alitembea akiyumba. Huyo hakuwa wa maji ya sukari, nikamwita daktari wa mifugo palepale. Ukiona dalili hizo, au damu kwenye kinyesi, fanya hivyohivyo, na usinunue antibayotiki kwa kubahatisha dukani.

Kinyesi kikishikana na kihori kikiisha ndani ya dakika 20, mambo ni mazuri. Ule uwazi wa mlangoni tuliuziba kwa kipande cha gunia.