Soko limetulia au limechafuka? Lipime kwa msukosuko wa siku 20

Wengi tunaocheza na dhahabu (XAUUSD) tunaliona soko limechafuka kwa macho tu: mishumaa mirefu, SL zinaguswa ovyo. Macho yana shida yake, kwani ukitoka kupigwa jana, leo kila kitu unakiona kimechafuka. Namba tutakayoitafuta hapa inakwambia leo uingie na loti ya kawaida, loti ndogo zaidi, au ukae pembeni.

Hatua ya 1. Pakua bei za kufunga za kila siku (D1), za miaka miwili hivi. Zipange safu ya B kuanzia B2, ya zamani ikiwa juu.

Hatua ya 2. Andika fomula hizi, kisha ziburute hadi chini:

```
C3:   =LN(B3/B2)
D22:  =STDEV.S(C3:C22)*SQRT(252)
E274: =COUNTIF(D22:D273,"<"&D274)/252*100
```

C ni badiliko la siku. D ni msukosuko wa siku 20, uliopandishwa kuwa wa mwaka. E ndiyo tunayoitaka: katika siku 252 zilizopita, ni ngapi kwa mia zilikuwa tulivu kuliko leo. Kama siku 214 zilikuwa tulivu zaidi, 214/252 inakupa 85. Namba ya leo inapatikana soko likishafunga, kwa hiyo itumie kesho. Ukijaribu mkakati kwenye data ya nyuma na kuitumia siku hiyo hiyo, matokeo yatapendeza na yatakuwa ya uongo.

Hatua ya 3. Weka mipaka. Mimi nahesabu soko limechafuka E ikipita 80, na silihesabu limetulia mpaka ishuke chini ya 65. Pengo hilo ni la makusudi. Ukitumia mstari mmoja wa 80, namba ikienda 79, 81, 78, utabadilisha mkakati kila asubuhi.

Hatua ya 4. Igeuze kuwa loti. Tuseme akaunti ina dola 2,000 na unahatarisha asilimia 1, yaani dola 20. Soko likiwa la kawaida, SL yako iko dola 10 kutoka bei ya kuingia. Kwa mabroka wengi loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, basi unaingia na 0.02. Soko likichafuka, SL inahitaji dola 20, na hatari unaikata iwe dola 10. Hesabu inatoa loti 0.005, ambayo broka wako hana. Hapo usiingie. Kuchukua 0.01 "kwa sababu ndiyo ndogo kabisa" ni kurudi kwenye dola 20 ulizokusudia kuzikwepa.

Kuhusu kubadili mkakati: E inapima ukubwa wa mwendo, haisemi bei inaelekea wapi wala kama kuna trendi. Chukua daftari lako la tredi, andika E ya siku hiyo mbele ya kila moja, uone mkakati upi unavuja ukipita 80. Huo ndio unaouzima.

Maswali ya wanachama

Mkuu, SL nimeshaipanua na loti imeshapungua. Kwa nini nikate tena?
Kupanua SL na kupunguza loti kunaibakiza hasara ile ile ya dola 20. Ila soko lililochafuka linaruka bei, SL inajazwa mbali na ulipoiweka. Nusu ya pili ni kwa ajili ya hilo.

E ikiwa 5, niongeze loti?
Hapana. EURCHF ilikaa kimya kwa miezi juu kidogo ya 1.20, kwa kuwa Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa inailinda bei hiyo. Tarehe 15 Januari 2015 ikaacha kuilinda, na ndani ya dakika chache bei ikawa chini ya 1.00. Kipimo hiki kinaangalia nyuma tu. Kitumie kupunguza.

Baada ya dhoruba kubwa, E si itadanganya?
Itadanganya, dada. Machi 2020 msukosuko wa siku 20 wa S&P 500 ulipita asilimia 80 kwa mwaka. Siku zile zikabaki ndani ya dirisha la siku 252, kwa hiyo msukosuko wa asilimia 20, ambao kwa orodha ya 2019 ungekuwa juu, mwishoni mwa 2020 ulionekana wa katikati tu. Soma D pamoja na E, au pakua bei za miaka minne hivi na upanue dirisha hadi siku 756.

Namba zangu ziko chini kuliko za wenzangu, na data ni ya dhahabu ile ile.
Angalia kama broka wako ana mshumaa wa Jumapili. Ni wa saa chache, badiliko lake ni dogo, na unaishusha D bila sababu. Futa mistari yote ya Jumapili kabla ya kuandika fomula. Wiki ibaki na mishumaa mitano.