Kuandika utangulizi wa utafiti: anza chini, panda juu

Utangulizi wa makala ya utafiti husomwa kuanzia juu kwenda chini: muktadha mpana kwanza, kisha kinachojulikana, kisha pengo, kisha swali na mchango. Wengi huita umbo hilo faneli. Mwaka 1990 mwanaisimu John Swales aliueleza mwendo huo kwa hatua tatu: kuonyesha uwanja, kuonyesha nafasi iliyo wazi ndani yake, kisha kuijaza nafasi hiyo. Shida ni kwamba wanafunzi wengi huandika kwa mpangilio uleule wa kusoma. Wanaanza na sentensi ya kwanza, wanazunguka kurasa tatu, na wakifika kwenye swali wamechoka. Mimi huwaambia waandike kinyume.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Rasimu ya kwanza inasema hivi:

"Nishati ni uti wa mgongo wa maendeleo. Tangu zama za kale binadamu ametumia jua kwa njia mbalimbali. Siku hizi paneli za sola zimeenea sana. Hata hivyo, hakuna tafiti za kutosha kuhusu vumbi. Kwa hiyo, utafiti huu unalenga kuchunguza athari za vumbi kwenye paneli za sola."

Hatua ya 1: Andika swali na mchango kabla ya kitu kingine

"Kuchunguza athari za vumbi" si swali. Huwezi kulijibu, kwa kuwa halisemi athari ipi, kwenye paneli ipi, kwa muda gani. Mwulize mwandishi hasa anapima nini, naye atakuambia: ana paneli mbili zinazofanana, moja imeinamishwa nyuzi 10 na nyingine nyuzi 30, anapima umeme wao kila siku kwa siku 60 za kiangazi. Basi swali lake ni hili:

"Katika siku 60 zisizo na mvua, upotevu wa umeme unaosababishwa na vumbi unaongezeka vipi siku hadi siku kwenye paneli ya nyuzi 10 na ya nyuzi 30?"

Chini yake andika mchango. Hapa ndipo watu huchanganya mambo: lengo ni kile utakachofanya wewe, mchango ni kile atakachobaki nacho msomaji. "Kupima upotevu" ni lengo. Mchango ni "grafu ya upotevu wa kila siku kwa miinamo miwili, inayomsaidia mwendeshaji wa mtambo wenye mazingira kama haya kukadiria siku ya kusafisha." Maneno "wenye mazingira kama haya" yasiondolewe. Paneli mbili mahali pamoja haziwezi kutoa ratiba ya usafishaji kwa kila mtu, na mhakiki ataliona hilo kabla hujamaliza aya.

Hatua ya 2: Tafuta pengo linalolingana na swali hilo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. "Hakuna tafiti za kutosha" ni kauli dhaifu, na katika mfano wetu ni ya uongo: vumbi kwenye paneli limeandikiwa mengi. Inajulikana kwamba vumbi huzuia mwanga, kwamba paneli iliyolala hukusanya vumbi zaidi ya iliyosimama, na kwamba mvua kubwa huliosha. Na hata kama jambo halijafanyiwa utafiti kweli, hiyo peke yake si sababu ya kulifanyia. Yako mambo chungu nzima ambayo hayajachunguzwa kwa kuwa hayana anayeyahitaji.

Pengo lenye nguvu lina sehemu mbili: kinachokosekana, na kinachoharibika kwa kukosekana kwake. Tuseme katika makala alizosoma, mwandishi ameona kwamba nyingi hulinganisha paneli safi na chafu mwishoni mwa kipindi tu. Kinachokosekana ni njia iliyopitiwa hadi kufika hapo. Je, kinaharibika nini?

Chukua tarakimu za kubuni. Paneli mbili zote zina upotevu wa asilimia 12 siku ya 60. Ya kwanza imepoteza polepole, kwa kasi ileile kila siku. Wastani wa upotevu wake kwa kipindi chote ni asilimia 6. Ya pili imepanda sawasawa hadi asilimia 12 ndani ya siku 20, kisha ikabaki hapo. Wastani wake ni asilimia 10. Kipimo cha mwisho ni kimoja, lakini umeme uliopotea si mmoja, na siku inayofaa kusafisha si moja. Anayepima siku ya mwisho tu hawezi kuzitofautisha. Sasa pengo linadai swali letu lenyewe, si swali jingine la vumbi.

Kauli ya "nyingi hulinganisha" lazima uweze kuitetea kwa kutaja makala hizo. Ukikuta moja iliyopima kila siku, usiifiche. Itaje, kisha onyesha tofauti yake na kazi yako: pengine ilipima mwinamo mmoja tu.

Hatua ya 3: Panda hadi kwenye muktadha, kisha simama

Upana wa kuanzia unategemea wasomaji. Kwa jarida la nishati ya jua, hakuna anayehitaji kuambiwa kuwa nishati ni muhimu. Kipimo changu ni hiki: sentensi ya kwanza iwe na angalau dhana moja iliyomo ndani ya swali. "Maendeleo" na "zama za kale" hazimo, basi zinaondoka. "Umeme wa paneli" umo.

Hatua ya 4: Sasa iandike kutoka juu

"Umeme wa paneli ya sola hutegemea mwanga unaofika kwenye seli zake, na vumbi linalotua kwenye kioo huupunguza. Tafiti zimeonyesha kuwa upotevu huo hutegemea mwinamo wa paneli na mvua. Hata hivyo, nyingi hulinganisha paneli safi na chafu mwishoni mwa kipindi, na hivyo hazionyeshi kama upotevu huongezeka kwa kasi ileile au hujikusanya siku za mwanzo. Bila kulijua hilo, siku ya kusafisha huchaguliwa kwa kubahatisha. Makala hii inauliza: katika siku 60 zisizo na mvua, upotevu huo unaongezeka vipi kwenye mwinamo wa nyuzi 10 na wa nyuzi 30? Tunatoa grafu ya upotevu wa kila siku kwa kila mwinamo, pamoja na njia ya kuitumia kukadiria siku ya kusafisha katika mazingira yanayofanana."

Katika makala kamili kila sentensi hapo itapanuka, hasa ya pili, itakayobeba marejeo. "Hata hivyo" imetumika mara moja tu, pale mwendo unapogeuka. Ukiwa nazo nne, msomaji hajui pengo ni lipi.

Hatua ya 5: Kagua

Funika aya ya mwisho, mpe mwenzako asome zilizotangulia, mwambie akisie swali. Akikisia jingine, kosa liko kwenye pengo. Kisha fuatilia majina ya vitu: kama juu umesema "upotevu wa umeme", usije ukasema "kushuka kwa ufanisi" chini. Shuleni tulifunzwa kukwepa marudio, lakini hapa msomaji atadhani ni vitu viwili.

Mwisho, rudi kwenye sentensi ya mchango baada ya kupata matokeo. Mvua ikinyesha siku ya 41, una siku 40 za data, na utangulizi lazima useme 40, kwenye swali na kwenye mchango pia.