Bega lililoganda: anza kwa kuugeuza mkono nje, kuuinua kutafuata

Siku ya Idi nilikwenda Ngamiani, Tanga, kumwamkia shangazi yangu. Nikamkuta chumbani anahangaika na buibui. Mkono wa kushoto umeshapita, wa kulia umekwama nusu, na kiwiko kimeng'ang'ania ubavuni kama kimeshonewa pale. "Mwanangu, mkono huu umekataa," akaniambia.

Shangazi ana miaka 53, anapika vitumbua vya kuuza, na ana sukari. Maumivu yalimwanza kabla ya Ramadhani, akadhani ni uchovu wa kukuna nazi. Alipakwa dawa ya kuchua, akakandwa, akavutwa mkono mara mbili, na kila alipovutwa hakupata usingizi usiku ule. Alipofika kwangu hawezi kufunga sidiria, hawezi kujichana nywele, na akilalia upande wa kulia anaamka analia.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na mabega ya namna hii nayaona mara kwa mara, zaidi kwa watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye sukari kuliko wasio nayo. Kinachotokea ni kwamba mfuko unaozunguka kiungo cha bega unavimba, halafu unakakamaa na kusinyaa. Mfupa uko salama, lakini mfuko umekuwa mdogo, hauachi bega lizunguke. Nimeandika hapa yale niliyofanya na shangazi, pamoja na kosa lililotupotezea wiki tatu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni bega kuganda

Simama, bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje hadi mikono ielekee mbele. Sasa fungua mikono nje kama unafungua milango miwili, viwiko visiachane na mbavu. Fikiria uso wa saa: mkono wa kulia ukielekea mbele uko kwenye namba 12, na bega zima hufika karibu na namba 2. Wa shangazi haukufika hata namba 1.

Halafu mtu mwingine akusaidie taratibu kuusogeza mkono huohuo. Ukikwama palepale hata kwa msaada, dalili inaelekea kwenye kuganda. Lakini kama mwenzako anaweza kuuinua mkono wako hadi juu na wewe mwenyewe huwezi, hilo ni jambo jingine: huenda kano zinazoinua mkono zimechanika. Usifuate mwongozo huu, nenda ukapimwe.

Kuna watu ambao hawatakiwi kuanza mazoezi kabla ya picha ya eksirei: aliyeanguka, aliyepigwa na umeme, au aliyepata degedege ya kifafa kisha bega likakataa. Bega linaweza kuteguka kuelekea nyuma na kujifungia, na kwa macho likafanana kabisa na lililoganda. Bega jekundu, la moto, lenye homa, ni la hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu ya bega au mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au pumzi kukatika si ya bega. Hayo ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo, kimbia hospitali.

Hatua ya pili: joto, dakika 15

Mimi napenda taulo lililolowekwa maji ya moto, likakamuliwa vizuri, likakunjwa na kuwekwa juu ya bega. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga inafaa pia. Mchanga au chumvi ya kukaangwa siipendi, kwa sababu huwezi kujua joto lake limefika wapi hadi ngozi ikuambie, na mwenye sukari ngozi yake inaweza isimwambie mapema. Shangazi namtaka apime taulo kwa mkono wa kushoto kwanza. Usipake dawa ya kuchua kisha ukaweka joto juu yake, utaungua.

Joto halifungui bega. Linalegeza misuli iliyojikaza kulinda, ili mazoezi yanayofuata yafanyike bila vita. Kwa hiyo ukishaliondoa, anza kujongea mara moja.

Hatua ya tatu: bembea

Inama, mkono mzima ushike meza, mkono mgonjwa uning'inie. Uyumbishe kwa kuyumbisha mwili, mbele na nyuma, kisha kiduara kidogo. Dakika moja hadi mbili zinatosha.

Hatua ya nne: kuugeuza mkono nje kwa fimbo

Hapa ndipo nilipokosea. Kwa kuwa shangazi alilalamika kwamba hawezi kuinua mkono, nilimwanzishia kupanda ukuta kwa vidole, kila siku, na tukaweka alama ya chaki pale vidole vilipofika. Wiki ya tatu chaki ilikuwa imepanda kiasi cha kiganja kimoja. Tukafurahi. Lakini nikimwambia ajichane, mkono haufiki kisogoni, na usiku maumivu ni yaleyale.

Siku moja akiwa anapanda ukuta niliweka kiganja changu juu ya kombe la bega lake. Nikalisikia kombe lote linapanda juu kuelekea sikioni, na mwili unapindia upande wa pili. Kiungo chenyewe hakikuwa kimesogea hata kidogo. Bega lina miendo miwili, wa mpira ndani ya kikombe chake na wa kombe juu ya mbavu, na mmoja ukigoma mwingine unaufunika. Chaki ilikuwa inapima mwendo wa kombe.

Ili mkono upande juu kabisa, mfupa wa mkono lazima kwanza ujigeuze nje, la sivyo unagonga paa la bega. Na sehemu ya mfuko inayosinyaa sana katika ugonjwa huu ni ile ya mbele, ndiyo inayozuia kugeuka huko. Hivyo sasa naanza na kugeuza nje, na nafanya hivi.

Lala chali kitandani au kwenye mkeka. Nasisitiza kulala, maana ukisimama mwili utageuka badala ya bega na hutajua. Weka taulo lililokunjwa chini ya kiwiko cha mkono mgonjwa, na kitambaa kidogo kati ya kiwiko na mbavu. Kunja kiwiko, ngumi ielekee darini. Shika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, mpini ukikingama hewani juu ya tumbo lako. Mkono mzima ndio unaofanya kazi: unausukuma mpini polepole kuelekea upande mgonjwa, na mkono mgonjwa unakubali tu kupelekwa nje.

Utafika mahali mkono unakuwa mzito, kama mlango uliovimba wakati wa masika. Simama hapo. Usisukume kuvuka. Vuta pumzi, toa, subiri sekunde 10, rudi. Fanya mara 5. Siku za mwanzo inatosha hivyo, mara tatu kwa siku, na ukishazoea ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 20 au 30 badala ya kuongeza nguvu.

Utajuaje kama unakosea? Kitambaa kikianguka, kiwiko kimeachana na ubavu. Kifundo cha mkono kikipinda nje, umedanganyika, ni kiganja kilichosogea. Mgongo ukiinuka kitandani au bega likipanda sikioni, umesukuma kupita kiasi. Mpe mtu wa nyumbani kazi ya kukutazama. Shangazi anatazamwa na mjukuu wake wa darasa la tano, na mtoto huyo haachi kosa lipite.

Kuhusu maumivu, kipimo changu ni usiku. Kuvutika wakati wa zoezi ni sawa. Yakitulia ndani ya nusu saa, endelea. Yakidumu hadi jioni au usiku ukawa mbaya kuliko jana, umelichokoza, punguza nusu kwa siku mbili tatu. Ndiyo maana kuvutwa mkono kwa nguvu kulimharibia shangazi: mfuko uliovimba ukivutwa unavimba zaidi. Kama bado uko kwenye miezi ya mwanzo, maumivu yakiwa makubwa kuliko ugumu, ishia pale maumivu yanapoanza tu. Bega likishatulia na kubaki gumu, hapo ndipo unaweza kudai zaidi.

Mipira ya kuvuta na makapi ya kamba ya kufunga mlangoni sishauri yanunuliwe kwa kazi hii. Mpira hujenga nguvu, na hapa tatizo si nguvu. Mpini wa ufagio una faida moja kubwa: mkono mzima unahisi kila kinachotokea na unaweza kuacha papo hapo.

Hatua ya tano: kuinua

Kaa mbele ya meza, weka kiganja juu ya khanga iliyokunjwa, itelezeshe mbele huku ukiinamia meza. Mara 10. Ukuta uje baadaye, ukiwa umeshaona mkono unageuka nje vizuri kuliko ulivyoanza.

Kulala na kuvaa

Ukilala chali weka mto chini ya mkono mgonjwa, kiwiko kisidondoke nyuma. Ukilalia upande mzima, kumbatia mto. Nguo vaa kwa mkono mgonjwa kwanza, na ukivua uwe wa mwisho. Hilo tu lilimtoa shangazi kwenye taabu ya buibui siku ileile.

Lini uende kwa mtaalamu

Ukifanya haya wiki tatu na namba yako kwenye saa haijasogea, au hulali, nenda. Kwa watu wa Tanga mjini mahali pa kuulizia fiziotherapia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Ganzi mkononi, au mkono kupoteza nguvu ghafla, usisubiri wiki tatu.

Ukiwa mapema, bado kwenye maumivu makali, daktari anaweza kushauri sindano ya steroidi ndani ya kiungo. Inatuliza maumivu na kukupa nafasi ya kufanya mazoezi. Mwenye sukari amwambie daktari kabla, kwa sababu sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa na lazima aipime mara nyingi zaidi. Na kama bega limeganda na hujawahi kupima sukari, ipime. Nimeshaona watu wawili waliogundua wana sukari kwa kuanzia begani.

Jiandae kwa safari ndefu. Bega hili huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa wenye sukari huwa zito zaidi. Shangazi sasa yuko mwezi wa saba. Mkono wake umevuka namba 1, anajichana mwenyewe, na analala usiku kucha akiwa na mto. Sidiria bado anaifungia mbele kisha anaizungusha. Kupeleka mkono nyuma ya mgongo mara nyingi ndiko kunakorudi mwisho, na hilo bado sijamwanzishia.