Kuchekecha mchanga wa ziwani na kupima upenyezaji wake kwa bomba la inchi nne

Mfano wangu ni mchanga wa ufukweni Luchelele, Mwanza. Ukaushe kwenye tanuri kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, kisha pima gramu 500.

Panga chekecheo za milimita 4.75, 2.36, 1.18, 0.6, 0.3, 0.15 na 0.075, trei chini kabisa. Tikisa dakika kumi, pima kilichobaki kwenye kila moja. Chembe zilizonasa kwenye matundu zitoe kwa brashi kutokea upande wa chini na uzihesabu kuwa zimebaki palepale. Usizisukume kwa kidole. Jumla ikipungua zaidi ya gramu 10, rudia.

Tuseme gramu 70 zimepita 0.3 na gramu 10 zimepita 0.15, yaani asilimia 14 na 2. Kwenye grafu ya logi, asilimia 10 inaangukia milimita 0.24. Hiyo ndiyo D10. Kanuni ya Hazen inakupa makadirio ya upenyezaji, k, D10 ikiwa kwa milimita na k kwa sentimita kwa sekunde:

```
k = D10² = 0.24² = 0.058
```

Sasa bomba. Chupa ya maji siitaki: inabonyea, maji yanapita ukutani badala ya kupita kwenye mchanga. Chukua bomba gumu la plastiki, kipenyo cha ndani sentimita 10, chini kokoto na wavu, kisha mchanga wa sentimita 15 ulioshindiliwa kwa tabaka. Toboa tundu la kufurikia juu. Mpira wa kutolea maji uanzie chini.

Kazi inaharibikia kwenye hewa. Ukimwaga maji juu ya mchanga mkavu, yanafungia mapovu katikati ya chembe, na k inatoka ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo jaza kutokea chini: unganisha ule mpira na ndoo, inyanyue polepole, maji yapande taratibu mpaka yatokeze juu ya mchanga. Ukinyanyua kwa pupa mchanga utachemka na kulegea, na itabidi uushindilie upya. Maji yawe yamelala kwenye ndoo chumbani usiku kucha, kwa sababu maji ya bomba yakipata joto hutoa mapovu yakiwa ndani ya mchanga. Dalili ni hii: kimo hakijabadilika, lakini kila kipimo kinatoa maji machache kuliko kilichotangulia. Hapo usichukue wastani, jaza upya.

Yakitulia, geuza maji yashuke, na pima kimo kutoka uso wa maji juu hadi mdomo wa mpira. Kwa kimo h cha sentimita 10, maji Q ya mililita 350 kwa muda t wa sekunde 120, mchanga wenye urefu L wa sentimita 15 na eneo la ndani la bomba A la sentimita 78.5 za mraba:

```
k = QL/(Aht) = 350×15/(78.5×10×120) = 0.056
```

Kwa maji ya nyuzi 25 zidisha kwa 0.89 kupata thamani ya nyuzi 20: 0.050. Imekaribiana na Hazen, inatosha. Kisha shusha mdomo wa mpira kimo kiwe 20. Maji yasipokaribia kuongezeka mara mbili, mpira wako ni mwembamba mno.

Mfinyanzi mweusi wa mbugani usiuweke humu. Maji yatakayotoka ni machache mno kupimika. Unahitaji kimo kinachoshuka kwenye mrija mwembamba.